Kazi 5 ndani ya miaka 6: CV inasomeka kama mtu wa kurukaruka, naipangaje?

#1 MtunzaStoo
Wakuu salaam. Fani yangu ni ununuzi na ugavi. Kila nikiitwa usaili swali la kwanza ni "mbona unahamahama?", na kuna sehemu siitwi kabisa. Nabandika historia yangu, majina ya waajiri nimeyatoa:

Machi 2019 – Februari 2020: mtunza stoo, kiwanda cha vinywaji, Dar
Mei 2020 – Desemba 2021: msaidizi wa ugavi, mradi wa afya, Dodoma
Februari 2022 – Septemba 2022: afisa ununuzi, kampuni ya ujenzi, Dodoma
Oktoba 2022 – Januari 2024: afisa ununuzi, hospitali binafsi, Mwanza
Machi 2024 – Februari 2025: afisa ugavi, mradi wa afya, Mwanza

Tangu hapo ni vibarua vya kuhesabu mzigo. Kiwandani mkataba wa mwaka haukuhuishwa, miradi miwili iliisha yenyewe, ujenzi na hospitali niliacha mwenyewe. Nifiche zipi?

#2 KondaMstaafu
Mkuu hiyo siyo CV, hiyo ni ratiba ya basi. Dar, Dodoma, unachimba dawa, Mwanza. Abiria wa Shinyanga wanauliza mbona umewapita.

#3 BosiMdogo
Rahisi tu. Toa miezi, bakiza miaka. Halafu ile ya ujenzi ifute. Unaandika 2019–2020, 2020–2021, 2022–2024, 2024–2025. Hakuna atakayejua, na zinabaki kazi 4.

#4 MezaYaUsaili
Nasoma CV za watu kwa ajili ya kuajiri, kwa hiyo naanza na ushauri wa #3. Nusu yake ni kweli: kazi ya mwezi mmoja au miwili isiyohusiana na fani unaweza kuiacha, CV si kiapo. Nusu ya pili ni mtego. Ukiona mtu kaandika miaka mitupu kwenye mstari wa kazi, na mstari wa elimu kaweka hadi mwezi, unajua anachoficha. Isitoshe, mifumo mingi ya kuomba kazi mtandaoni ina visanduku vya mwezi na mwaka. Utavijaza, kisha CV uliyoambatanisha itasema vingine.

Halafu piga hesabu ya ujenzi. Ukiifuta, kuanzia Januari hadi Septemba 2022 unabaki na pengo la miezi 9. Pengo la miezi 9 lina maswali mengi kuliko kazi ya miezi 8.

Sasa hesabu ambayo mtoa mada hajaipiga. Kuanzia Machi 2019 hadi Februari 2025 ni miezi 72. Jumlisha kazi zako: 12, 20, 8, 16, 12. Jumla 68. Maana yake umekaa bila kazi miezi 4 tu ndani ya miaka 6, na kipindi kirefu kuliko vyote ni miezi 2. Huyo si mtu asiyetulia, ni mtu anayepata kazi haraka. Ila CV yako haisemi hivyo, kwa sababu umeipanga kwa kutaja ulikokuwa, hujasema ulikuwa unabeba nini kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Kabla sijaendelea naomba mambo mawili. Kwanza, kila sehemu ulikuwa unashika nini hasa, kwa idadi. Pili, ule mradi wa mwisho mkataba wako ulikuwa unaishia lini?

#5 MzeeWaKahama
Kijana, uhamisho hauombwi kienyeji. Unaandika barua kwa mwajiri wako, inapitishwa kwa mkuu wako wa idara, unaeleza sababu kama ni ya ndoa au ya kiafya, unaambatanisha vielelezo. Ukienda kichwakichwa unarudishwa.

#6 KondaMstaafu
Mzee shikamoo. Huyu si mtumishi wa umma anayeomba uhamisho, ni wa sekta binafsi, yeye tayari kahama vya kutosha.

#7 MtunzaStoo
@MezaYaUsaili nashukuru. Kiwandani: stoo ya malighafi, bidhaa aina 140, kadi za stoo na hesabu ya kila mwisho wa mwezi. Dodoma: kupanga mgawo na kupeleka vitendanishi vituo 46. Ujenzi: kutafuta bei kwa wauzaji 3 kila manunuzi, kuandaa LPO, kufuatilia mzigo hadi saiti. Hospitali: mikataba ya wazabuni kama 30 na malipo yao. Mwanza: vituo 112, nasimamia watu 2.

Mkataba wa mwisho ulikuwa hadi Desemba 2025. Fedha za Marekani zilipositishwa mradi ukafungwa.

#8 DadaLPO
Basi hapo #1 umeandika kosa, na ndilo aina ya kosa linaloua watu kwenye usaili. Mradi wa Dodoma uliisha, huu wa Mwanza ulikatwa. Agizo la kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 lilitoka Januari 20, 2025, na kila mwajiri wa sekta ya miradi anaijua tarehe hiyo. Ukiandika "mkataba uliisha" na mdhamini wako akisema ulikuwa hadi Desemba, umeonekana mwongo kwa jambo ambalo lilikuwa linakutetea. Andika "mradi ulifungwa Februari 2025 baada ya ufadhili kusitishwa".

La pili, mimi naona uzi unaounganisha kazi zako ni bidhaa za afya: mradi, hospitali, mradi. Hilo ndilo liwe kichwa cha CV.

#9 MezaYaUsaili
@DadaLPO la kwanza naunga mkono kabisa. La pili linakatikia kwenye ujenzi na kiwanda. Ukisema "bidhaa za afya", kazi 2 kati ya 5 zinabaki nje, na moja ni ileile fupi kuliko zote. Msomaji ataiona kama mtu aliyepotea njia.

Tazama shughuli badala ya bidhaa. Kiwandani alihifadhi. Dodoma alisambaza. Ujenzini alinunua. Hospitalini alishika mikataba ya wauzaji. Mwanza alishika yote kwa pamoja na watu chini yake. Huo ni mnyororo wa ugavi, ameupita kituo kwa kituo, na hakuna kituo alichorudia. Tena ile ya ujenzi ndiyo kiungo: bila hiyo, huelewi mtu wa kupeleka vitendanishi amepataje kuwa afisa ununuzi wa hospitali.

Ningeandika hivi. Juu kabisa, chini ya jina, sentensi zisizozidi tatu:

*Mtaalamu wa ugavi mwenye miaka 5 na miezi 8 kazini. Nimeanzia stoo, nikaingia usambazaji, ununuzi na mikataba ya wauzaji, na kazi ya mwisho nilisimamia mnyororo mzima kwa vituo 112. Natafuta nafasi ya kusimamia kitengo.*

Kisha kila kazi, aina ya mkataba ikae kwenye mstari wa tarehe, si chini:

*Machi 2024 – Februari 2025, mkataba wa mradi (ulifungwa, ufadhili kusitishwa)*
*Afisa ugavi. Kutoka kununua hadi kufikisha, vituo 112, wasaidizi 2.*

*Februari 2022 – Septemba 2022, ajira ya kudumu*
*Afisa ununuzi. Mara ya kwanza kushika ununuzi peke yangu: bei za wauzaji 3 kwa kila manunuzi, LPO, ufuatiliaji hadi saiti.*

Hayo maneno "mara ya kwanza kushika" ndiyo yanayofanya kazi. Kila kazi iwe na sentensi moja inayotaja kitu kipya ambacho hakikuwepo kwenye kazi iliyotangulia. Kazi usiyoweza kuiandikia sentensi hiyo ndiyo yenye tatizo kweli, na hakuna upangaji utakaoiponya.

#10 BosiMdogo
Sawa, ila kwa nini usiweke mafungu? "Miradi ya afya 2020–2025" fungu moja, "sekta binafsi 2019–2024" fungu lingine. Zinabaki mbili tu.

#11 DadaLPO
Tarehe zinaingiliana mkuu. Msomaji atadhani alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, au ataanza kuchora kwenye karatasi apate mpangilio halisi. Mafungu yanafaa kwa mtu aliyefanya kazi fupi nyingi kwa mwajiri mmoja au kupitia wakala mmoja. Hapo unaandika jina la wakala mara moja, tarehe ya kwanza na ya mwisho, na chini yake sehemu alizopelekwa. Vibarua vya mtoa mada vya kuhesabu mzigo ndivyo vikae hivyo: "Februari 2025 hadi sasa, kazi za muda za kuhesabu stoki", na sehemu alizofanya chini yake.

#12 MezaYaUsaili
Hapo kwenye vibarua kidogo anzia Machi 2025, Februari bado alikuwa mradini. Makosa ya mwezi mmoja ndiyo yanayokamatwa kirahisi.

#13 DadaLPO
Kweli, Machi. Nimekosea mimi.

#14 WaKilindini
Hamjambo wenzangu. Niko Mombasa. Mie swali langu ni hizi sababu za kuondoka mnazoandika kwenye CV. Huku kwetu twazoea kuziacha nje, ukiulizwa wajibu. Barua ya utumishi yenyewe kwa sheria ya Kenya, ile ya ajira ya 2007, mwajiri apaswa kuitoa mtu akifanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, na yataja jina la mwajiri na la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, kazi yenyewe na mahali, na tarehe ya kumaliza. Sababu haimo. Sasa kama sheria haikuitaka, wewe waiandikia nini?

#15 MezaYaUsaili
Ndugu yangu wa Kilindini, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake naandika: mkataba umeisha, mradi umefungwa. Maneno mawili matatu yanamwondoa kwenye rundo la "wanaoacha" kabla hajaitwa. Kwa kazi alizoacha mwenyewe siandiki kitu. Ukianza kueleza kwenye karatasi kwa nini uliacha, umeanza kujitetea kabla hujashitakiwa.

#16 WaKilindini
Hapo ndipo tunapoachana. Ukiandikia 3 sababu na 2 ukaziacha wazi, macho yatakwenda kwa zile 2 moja kwa moja. Afadhali zote au hata moja isiwepo.

#17 MezaYaUsaili
Hoja yako ina uzito, sikatai. Ila kwa CV hii zile 2 ndizo zenye kupanda: msaidizi kuwa afisa, kisha afisa wa ujenzi kuwa mshika mikataba. Macho yakienda hapo yanakuta kitu. Ingekuwa zile 2 ni za cheo kilekile na kazi ileile, ningekufuata wewe.

#18 KijiweChaSheria
Tahadhari kwa wanaosoma. Tanzania ukifanya kazi chini ya miezi 6 sheria haikulindi, mwajiri hata cheti cha utumishi halazimiki kukupa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini.

#19 DadaLPO
@KijiweChaSheria umeunganisha vitu viwili. Kifungu cha 35 cha sheria ya 2004 kinahusu kuachishwa kazi isivyo haki. Ni sehemu hiyo tu ambayo haimhusu mwenye chini ya miezi 6. Cheti cha utumishi kiko kifungu cha 44, kinatolewa ajira inapokoma, na hakina sharti la miezi 6. Kwa hiyo mtoa mada adai vyeti vyote 5, na cha ujenzi kwanza. Watu wenye kazi fupi ndio wanaovihitaji zaidi, halafu ndio wanaoona aibu kurudi kuviomba.

#20 KijiweChaSheria
Nimekupata. Niliisoma zamani.

#21 MtunzaStoo
Ujenzi hapo kuna shida. Niliacha kwa sababu mshahara ulikuwa unachelewa miezi miwili. Na michango yangu ya NSSF ya kipindi hicho kuna miezi haikupelekwa. Sasa nikiulizwa ushahidi?

#22 BosiMdogo
Si ndiyo maana nilisema ifute! Mwajiri mpya hawezi kufungua taarifa yako ya NSSF.

#23 DadaLPO
Hawezi kuifungua, ila anaweza kukuomba uilete, na wapo wanaoomba. Mtoa mada pata taarifa ya michango mapema ulinganishe na CV yako mwezi kwa mwezi. Uanachama ni namba ileile hata ukibadili mwajiri, kwa hiyo waajiri wote wa sekta binafsi wanaonekana kwenye taarifa moja. Miezi isiyoonekana ina maana mwajiri hakupeleka, haina maana hukufanya kazi. Weka pembeni mkataba, hati za mshahara na taarifa ya benki ya kipindi hicho. Na hilo la michango lifikishe ofisi ya NSSF, ni hela yako hiyo hata kabla ya mambo ya CV.

#24 KondaMstaafu
Kampuni za ujenzi na mishahara tungefungulia uzi wake. Cheki inaandikwa, nayo inasubiri ikauke kama zege, siku 28.

#25 MamaRipoti
Wakuu niingilie. Mnapanga CV vizuri lakini hamjasema mwajiri anaogopa nini. Anaogopa gharama. Mtu wa ununuzi anachukua miezi kadhaa kujua wauzaji, mafaili na mfumo. Akiondoka mwezi wa 8 mwajiri hajala matunda. Kwa hiyo hata ukimwonyesha njia nzuri namna gani, ataona njia inapita kwake kwenda mbele. "Nimepita kituo kwa kituo" ni sifa kwako, kwake ni onyo kwamba yeye ni kituo kinachofuata.

#26 MezaYaUsaili
@MamaRipoti hii ndiyo hoja bora ya uzi huu. Ndiyo sababu ya kumalizia na "natafuta nafasi ya kusimamia kitengo". Njia ikiwa na mwisho, mwajiri ndiye mwisho wake. Lakini hiyo inafaa tu kama tangazo ni la msimamizi. Akiomba nafasi ya afisa kwa sentensi hiyo, kweli anaonekana anapita. Hapo aandike "natafuta kukaa kwenye ununuzi wa hospitali", na miezi 16 ya hospitali ipande juu ya maelezo yake.

#27 MamaRipoti
Na hospitali aliacha mwenyewe, akaenda mradi wa mwaka mmoja. Atasema alifuata nini? Mshahara. Wote tunajua.

#28 DadaLPO
Hata kama ni mshahara, kutoka mikataba ya wazabuni 30 ndani ya jengo moja kwenda vituo 112 na watu 2 chini yako ni kazi nyingine. Aseme hilo, ni kweli pia. Akibanwa kuhusu mshahara asikane.

#29 WaKilindini
Mie nadhani sababu ni nyingine tena. Wengi hawaogopi gharama, washuku tu kuwa alifukuzwa. Hiyo yaondolewa na simu moja kwa mdhamini. Kwa kazi fupi weka mdhamini wa kazi fupi yenyewe, si mwalimu wa chuo.

#30 MezaYaUsaili
Sahihi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huomba wadhamini watatu. Yeye aweke msimamizi wa Mwanza, wa hospitali, na mmoja wa ujenzi asiye na ugomvi naye, hata kama ni injinia wa saiti aliyekuwa anapokea mzigo. Awapigie kwanza awatajie tarehe na cheo alichoandika. Mdhamini anayesema "alikuwa hapa kama miezi mitano hivi" wakati CV inasema 8 anakuharibia bila kukusudia.

#31 MtunzaStoo
Ahsanteni. Nimeandika upya. Usaili wakiuliza kuhusu ujenzi nimejipangia hivi: "Nilikwenda kujifunza ununuzi nikiwa peke yangu, nikaushika miezi 8. Malipo hayakuwa yakifuata mkataba, hospitali ikatoa nafasi ya afisa, nikaenda." Vipi?

#32 MamaRipoti
Toa ya malipo. Mwajiri hapendi kusikia ukimsema mwajiri mwingine.

#33 DadaLPO
Iache. Ni sentensi moja, haina tusi, na inaeleza kwa nini miezi 8 na si 18. Ukiitoa, "nilikwenda kujifunza" inasikika kama uliwatumia ukawaacha.

#34 MezaYaUsaili
Ningetoa "nilikwenda kujifunza" kabla ya kutoa ya malipo. Hakuna anayelipa mtu aje kujifunza. Sema "nilichukua ununuzi wote wa saiti". Hilo la malipo lisubiri swali la pili, wengine hawaulizi.

#35 MzeeWaKahama
Marahaba @KondaMstaafu, nimeuona ujumbe sasa hivi. Nina kijana wangu amefanya kazi miezi 3 duka la dawa, nayo aiandike?

#36 DadaLPO
Inategemea anaomba kazi gani mzee. Kama ni stoo ya dawa, aiandike na tarehe zake. Kama ni udereva, aiache.

#37 KondaMstaafu
Kama ni udereva wa basi la Mwanza aje kwangu, tunamwekea CV ya mtoa mada kama ramani.